Kidole Gumba Kilipozama

Ilikuwa Jumapili asubuhi, Januari, baada ya mvua ya usiku kucha. Nilikuwa barazani nikigeuza vyungu vyangu ili upande wa nyuma nao uonje jua. Kaktasi ya nguzo huwa naishika kwa gazeti lililokunjwa mara nne, maana miiba yake haina adabu. Siku hiyo gazeti liliteleza, na kidole gumba kikaangukia kwenye shina, chini kabisa, karibu na udongo. Hakikuchomwa. Kilizama. Kilizama kama kinavyozama kwenye embe lililokaa siku tatu chini ya mwembe.

Wakazi wa Tabora mnajua embe la namna hiyo. Kwa nje ngozi bado ina rangi yake, ndani hakuna kitu.

Kaktasi yenyewe niliinunua miaka minne nyuma kwa kijana aliyekuwa akisukuma miche kwenye mkokoteni, ikiwa na urefu wa kiganja. Siku ile ilikuwa imefika sentimita 62, mbavu sita zimenyooka, sina kumbukumbu ya kuipa shida yoyote. Nikachuchumaa, nikafuta tope kwa kitambaa, nikaliona doa. Halikuwa kubwa, lilizidi kidogo sarafu ya shilingi mia mbili. Lakini nilipolitazama vizuri niliona kwamba halikuwa na rangi moja. Chini, pale shina linapoingia udongoni, lilikuwa jeusi. Katikati lilikuwa la kahawia na limelegea, ndipo kidole kilipozama. Juu, kwenye ukingo wake, kulikuwa na utepe mwembamba wa kijani cha ajabu, kijani kilichoiva, kama kitunguu kikishaanza kulainika kwenye mafuta. Nikawasha tochi ya simu nikaiweka nyuma ya ubavu. Ubavu mzima ulizuia mwanga. Ule utepe ulipitisha.

Nimekuja kuamini kwamba utepe ule ndio wa kuutafuta, kuliko weusi. Watu wengi husubiri weusi. Mimi pia nilikuwa nausubiri. Lakini doa la kuoza husomwa kutoka juu kwenda chini: pale linapopitisha mwanga ni leo, pale palipolegea ni jana, palipo peusi ni juzi. Weusi unakuonyesha uozo ulikotoka. Utepe unaong'aa ndio unaoonyesha unakoelekea.

Sababu yake si ngumu. Nyama ya kaktasi, sawa na ya alovera na mimea mingine minene, ni vifuko vidogo vingi vya maji vilivyobanana, na kati ya kifuko na kifuko kuna vinafasi vya hewa. Mwanga ukigonga maji, kisha hewa, kisha maji tena, hutawanyika, ndiyo maana nyama nzima haionyeshi kilicho nyuma yake. Kifuko kikipasuka, maji yake humwagika na kujaza zile nafasi za hewa, na mwanga sasa hupita bila kukatizwa. Gazeti lililofungia maandazi hufanya hivyohivyo: pale mafuta yalipoingia kati ya nyuzi za karatasi, unasoma maandishi ya upande wa pili. Kwa hiyo shina linapoanza kupitisha mwanga, linakuambia kwamba vifuko vimeshapasuka ingawa umbo bado limesimama.

Ulegevu huja baada ya hapo. Vifuko hivyo vimegandishwa pamoja kwa gundi ya asili iitwayo pektini, ileile inayofanya jemu iwe nzito. Bakteria wa kuozesha, wa jamii ileile inayogeuza kiazi mviringo kuwa uji ndani ya gunia, hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha gundi hiyo. Baada ya hapo hakuna kinachoshikilia kitu. Weusi ni wa mwisho: ni nyama iliyokufa ikikutana na hewa, kama bilinganya ulilokata ukalisahau kwenye sahani. Zile kaktasi kubwa za jangwa la Arizona zinazoitwa saguaro, ambazo huishi zaidi ya miaka mia, nazo hupatwa na uozo wa bakteria, zikatiririsha maji meusi ubavuni. Jangwa halizikingi.

Sasa nikiri kosa. Nilijua haya yote kwa kuyasoma, lakini sikukata siku ile. Nilijiambia jua likitoka litakausha. Nikaihamishia kaktasi upande wa mashariki wa nyumba, nikaiacha siku nne. Siku ya kwanza doa lilikuwa na urefu wa sentimita mbili kutoka kwenye udongo. Siku ya nne lilikuwa tisa. Januari Tabora kuna joto na kuna unyevu, na bakteria hao wanapenda vyote viwili. Nilipoinama kunusa nilipata harufu ya muhogo uliovundikwa ukasahauliwa.

Kabla sijafika kwenye kisu, nizungumzie ulegevu kidogo, kwa sababu ndio unaodanganya watu kuliko dalili zote.

Shangazi yangu, aliyelima tumbaku maisha yake yote huko Urambo, alikuja kututembelea Septemba iliyotangulia. Mwezi huo ardhi ya kwetu imekauka mpaka inatoa mlio ukiikanyaga. Akaligusa waridi langu la jangwani, lile lenye kitako kinene kama kibuyu, akasema, "Mwanangu, hili limelegea. Limeoza."

Nikamwambia, "Hapana shangazi, lina kiu."

Akanitazama kama wanavyomtazama mtoto anayejifanya anajua. Lakini nilikuwa na hoja. Kitako kilikuwa kimelegea kote sawasawa, kama mpira uliopungua upepo, na ngozi ilikuwa na mikunjo myembamba. Rangi haikubadilika popote. Ukibonyeza, kilirudi polepole. Mmea wenye kiu hupoteza maji kutoka kila kifuko, kidogokidogo, bila kifuko kupasuka, kwa hiyo hunywea bila kung'aa. Uozo hauanzi kote kwa mara moja, una mahali ulipoanzia na una mpaka. Ukibonyeza panabaki shimo, na mara nyingine ngozi huteleza juu ya nyama kama ganda la nyanya iliyochovywa kwenye maji ya moto. Nilimwagilia jioni ile mpaka maji yakatoka chini. Siku ya nne kitako kilikuwa kigumu kama goti. Shangazi akabonyeza, akaguna, akaendelea na chai yake.

Lakini jaribio hilo la maji usilifanye iwapo udongo bado una unyevu. Mmea uliolegea huku udongo wake umelowa hauna kiu ya kawaida, una kiu ya mizizi iliyokufa. Maji yapo, mnywaji hayupo. Hapo ukiongeza maji unaongeza chakula cha adui. Ng'oa mmea utazame mizizi. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya mchanga, na ukiuvuta unakataa. Mzizi uliooza ni wa kahawia iliyokolea, na ukiuvuta kwa vidole viwili ngozi yake hutoka kama soksi, ukabaki na uzi mwembamba mkononi. Nikiona soksi hizo sihitaji tena kujiuliza.

Kaktasi yangu ilikuwa na soksi tupu.

Basi nikatandika gazeti mezani. Nilichukua kisu kirefu chembamba, spiriti ya dukani yenye nguvu ya asilimia 70, pamba, na kipande cha zulia kuukuu cha kushikia miiba. Kisu hufutwa kwa spiriti kabla ya kila mkato, si mwanzo tu. Mkato mmoja kwenye nyama mbovu unatosha kupaka uozo kwenye nyama nzima iliyo juu yake, na kazi yako yote inakuwa bure.

Doa lilionekana kwa nje mpaka sentimita 9, kwa hiyo nikakata sentimita 12 kutoka kwenye udongo, nikidhani nimeacha nafasi ya kutosha. Kwa nje mahali pale palikuwa pazima kabisa, kijani kibichi, pagumu. Ndani, katikati, palikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Ukiikata kaktasi mkato wa mviringo utaona mambo matatu. Katikati kuna kiini laini cheupe. Kukizunguka kuna duara la vidoto vidogo, hivyo ni vyombo vya kupandishia maji, mabomba ya mmea. Nje ya duara ni nyama ya kijani mpaka kwenye ngozi. Uozo wa bakteria huila nyama popote inapolegea. Lakini kuna ukungu, hasa ule wa jamii ya fusariamu, unaopenda kupanda kwa kupitia hayo mabomba. Huupita mwili mzima kimyakimya, nyama ikiwa bado ngumu na ya kijani, na kinachoonekana ni vidoto vya duara tu kugeuka rangi ya machungwa au kahawia nyekundu. Ndiyo maana kubonyeza kwa nje kuna mpaka wake. Kidole hakiwezi kulisoma duara.

Mkato wa pili niliufanya sentimita tatu juu zaidi. Kiini kilikuwa cheupe. Ningeweza kusimama hapo, na miaka ya nyuma nilikuwa nasimama hapo, halafu baada ya mwezi mmoja nashangaa kipande kimeoza tena. Safari hii nilileta kioo cha kukuzia. Upande mmoja wa duara vidoto kama saba vilikuwa na rangi ya kutu. Nikafuta kisu, nikakata tena, sentimita tatu. Vikabaki viwili. Nikafuta, nikakata. Sasa duara lote lilikuwa na rangi moja, kijani cheupe, na maji yaliyotoka yalikuwa safi, hayana uzi wala harufu. Nilikuwa nimepoteza sentimita 21. Zilibaki 41.

Kidoto kimoja cha rangi ya kutu kinatosha kukurudisha kazini. Mke wangu aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni aliuliza kama namenya mmea au naupika. Nikamwambia nausoma. Hakuridhika na jibu hilo, na kwa kweli meza ilikuwa imechafuka.

Vipande vilivyooza nilivichoma pamoja na takataka za uani. Sivitupi kwenye lundo la mboji, maana mboji hiyohiyo ndiyo nitakayorudi kuichota. Udongo wa chungu kile niliumwaga mbali, na chungu nikakisugua kwa sabuni na maji yenye jiki kidogo, nikakianika.

Jambo lililofuata ni kukausha, na hapa mtu aliyekulia Unyamwezini ana faida, kwa sababu tumeona michembe ikianikwa. Kiazi kitamu kibichi huoza kwa siku chache, lakini ukikikata vipande ukavipa hewa na jua, kinakaa mwaka. Jeraha la kaktasi hutaka hewa vivyo hivyo, ila kwenye kivuli. Mmea mdogo wenye shina la unene wa kidole hufunga kovu kwa siku tatu mpaka saba. Nguzo nene kama mkono wa mtu mzima inataka wiki mbili mpaka nne, na wakati wa masika usitegemee upande mfupi wa hesabu hiyo.

Kabla ya kukianika kipande changu nilichonga kingo za mbavu kwa mshazari, kama mtu anayechonga penseli butu. Sababu yake ni kwamba nyama ya ndani ikikauka hunywea kwenda juu, wakati ngozi ngumu ya nje hainywei. Usipochonga, unapata kitako chenye shimo kama sahani iliyopinduliwa, na mizizi mipya, ambayo hutoka kwenye lile duara la mabomba, inaning'inia hewani bila kugusa udongo. Kisha nikakisimamisha kipande ndani ya ndoo tupu, wima. Ukikilaza kitajipinda kufuata mwanga, na kinaweza kutoa mizizi ubavuni.

Wengine hupaka unga wa salfa, wengine mdalasini, wengine majivu. Salfa ina kazi yake dhidi ya ukungu, na wakulima wa korosho wa kusini wanaijua vizuri. Mimi sikupaka kitu. Kwa maoni yangu, mkato safi kwenye hewa kavu umefanya kazi tayari, na mkato mchafu hausaidiwi na unga wowote uliomwagwa juu yake. Siku ya 23 kitako kilikuwa kigumu na kikavu, ukigonga kwa kucha kinalia kama kizibo cha chupa.

Jirani yangu aliposikia habari alisema, "Mvua ya mwaka huu imeua vingi." Nikamwonyesha uzio wake mwenyewe. Ni uzio wa minyaa, umesimama pale tangu enzi za baba yake, unanyeshewa kuanzia Novemba mpaka Aprili bila mwavuli. Nyuma ya choo chake kuna dungusi kakati lililojiotea, halijaoza hata jani. Kama mvua ndiyo muuaji, mbona hao wamepona?

Tofauti ni sakafu. Mizizi hupumua, inahitaji oksijeni, na oksijeni hupenya kwenye maji polepole mara elfu kumi kuliko kwenye hewa. Ardhini maji hushuka, na nyuma yake huivuta hewa. Kwenye chungu maji hufika chini yakasimama. Mizizi ikikosa pumzi kwa siku kadhaa hufa, na kupitia kwenye mizizi iliyokufa ndipo ukungu unaopenda maji na bakteria huingia shinani. Kwa hiyo uozo unaouona juu ya udongo umeshamaliza chini.

Kosa langu lilikuwa mchanganyiko wenyewe. Tabora tuna mchanga kila mahali, nikajivunia kwamba nimetia mchanga nusu kwa nusu na udongo. Lakini mchanga wetu wa barabarani ni laini, punje zake hujipanga zikabanana na kushika maji kama sponji. Nilikuwa nimeweka pia tabaka la kokoto chini ya chungu, kama tulivyofundishwa wote. Kokoto hizo hazinyonyi maji kutoka juu. Maji husimama kwenye udongo laini mpaka uloe chapachapa ndipo yaanguke kwenye kokoto, maana yake nilikuwa nimeisogeza ile sehemu ya matope karibu zaidi na shina. Tundu la chungu lilikuwa moja, nalo lilikuwa limezibwa na kokoto.

Sasa natumia matofali ya kuchoma. Vipande vilivyovunjika karibu na matanuri ya matofali hupatikana bila shida. Navigonga mpaka viwe na ukubwa wa punje ya mahindi au nusu yake, napepeta vumbi lote, kisha nachanganya makopo matatu ya vipande hivyo na kopo moja la udongo, pamoja na mkaa kidogo uliosagika. Vumbi ndilo la kuliogopa, ukiliacha umerudi kwenye mchanga laini. Na kabla ya kumwagilia nachoma kijiti kikavu cha mshikaki mpaka chini ya chungu, nasubiri dakika kumi, nakichomoa. Kikitoka na rangi iliyokolea au udongo umegandamana nacho, simwagilii, hata kama juu pamekauka kama unga.

Si kila mmea unakatika namna hii. Kaktasi ya nguzo inakubali kwa sababu ukikata popote, kipande cha juu kinabaki na ncha ya kukulia. Kaktasi ya duara iliyooza kutoka chini mpaka nusu huwa haiachi kitu cha kushika. Alovera ikiozea moyoni, ukivuta jani la katikati likachomoka lenyewe likiwa na utelezi wa kahawia chini yake, mama amekwisha. Tafuta watoto walioota pembeni, uwatenge siku hiyohiyo. Mnyaa na ndugu zake una dalili yake ya ziada: mkato mzima hutiririsha maziwa, palipooza maziwa hayatoki. Vaa miwani na uyaweke maziwa hayo mbali na macho, maana yakiingia jichoni ni hospitali.

Kipande changu nilikipanda mwisho wa Februari kwenye matofali makavu, bila tone la maji. Katikati ya Machi nilikiinua kidogo nikaona vijizi vyeupe kama nywele za mswaki vimetoka kwenye duara. Ndipo nikamwagilia kwa mara ya kwanza.

Shangazi alirudi Juni, wakati wa baridi, akiwa amebeba kikapu cha michembe. Alikwenda moja kwa moja barazani kukagua. Kaktasi ilikuwa na alama nyingine nyeusi, juu, kwenye ubavu wa tatu, pana kama ukucha. Nilikuwa nimeiona tangu Aprili, jeraha la siku ile zulia lilipoteleza. Akaibonyeza kwa kucha ya kidole cha shahada. Ikalia *tiki*. Akaleta tochi yangu mwenyewe, akaiweka nyuma ya ubavu, akatazama kingo za alama hiyo pande zote, kwa makini ya mtu anayechambua majani ya tumbaku. Hakukuwa na utepe wowote.

"Hili ni kovu," akasema. "Liache."